Chemsha bongo ya Biblia kwa video: maswali tunayoulizwa kuhusu kadi, muda na alama

Maswali haya yanatoka kwa pande mbili: familia zinazotazama video zetu sebuleni, na walimu wa shule ya Jumapili wanaotaka kutengeneza za kwao. Ili tusizungumze hewani, majibu mengi yanatumia video moja kama mfano, ile ya kitabu cha Yona. Ina kadi 12, na inachukua karibu dakika 10.

Kwa nini mlianza na Yona na si Biblia nzima?

Kwa sababu chemsha bongo ya Biblia nzima huishia kuwa mtihani wa anayekumbuka majina. Yona ina sura 4 na aya 48 tu. Familia ambayo haijaisoma siku nyingi inaweza kuisoma yote kwa sauti kabla ya video, na haitachukua zaidi ya robo saa. Hapo mtoto wa miaka saba na bibi yake wanaanza wakiwa sawa. Pia hadithi ina mambo yanayokumbukwa kwa jicho: dhoruba, kura, samaki, mmea unaokauka. Kitabu cha Hesabu ni kizuri, lakini jaribu kutunga kadi 12 za familia kutoka sura zake za sensa uone.

Kadi moja inakwendaje, sekunde kwa sekunde?

Chukua kadi ya pili: "Yona alipokimbia, alipanda merikebu ya kwenda wapi?"

Swali linatokea peke yake, bila machaguo, na msomaji analisoma kwa sauti. Hilo huchukua kama sekunde 7. Kisha kunakuwa na sekunde 5 za kimya. Anayejua anasema sasa hivi, na jibu lake lina alama 2. Sekunde ya 12 machaguo matatu yanatokea: Yafa, Tarshishi, Ninawi. Msomaji anayasoma, na ikifika sekunde ya 17 mstari wa muda unaanza kupungua taratibu kwa sekunde 10. Jibu linalotolewa katika kipindi hiki lina alama 1. Mstari ukiisha tunaacha sekunde moja tupu, halafu sekunde ya 28 jibu linafunuliwa, Tarshishi, pamoja na maneno ya Yona 1:3. Linakaa sekunde 10, kisha kadi inayofuata.

Jumla ni sekunde 38. Zidisha kwa kadi 12 upate dakika 7 na sekunde 36. Ongeza maelezo ya mwanzo, mapumziko mafupi baada ya kadi ya sita na muda wa kujumlisha alama, ndipo unafika karibu dakika 10.

Sekunde 10 za jibu si nyingi mno? Watoto wanataka swali linalofuata.

Zinaonekana nyingi ukiwa peke yako mbele ya kompyuta. Sebuleni, sekunde tatu za kwanza zinamezwa na kelele za walioshinda. Aya ikiondoka kabla kelele hazijatulia, hakuna aliyeisoma, na video imebaki kuwa mchezo wa kubahatisha. Kama aya ni ndefu tunaikata na kuacha kipande chenye jibu tu. Maneno 20 kwa kadi ya jibu ndiyo mwisho.

Nitajuaje kama muda niliouweka unafaa?

Usijipime mwenyewe, maana wewe umelitunga swali. Icheze kwa nyumba moja isiyoijua video, ukae nyuma yao uangalie nyuso zao badala ya skrini. Kama macho bado yanatembea kwenye mistari wakati muda unaanza kupungua, kadi ina maneno mengi mno. Kuongeza sekunde hakusaidii sana hapo, kata maneno. Kama wote wamekwisha jibu na wanapiga soga kabla mstari haujafika nusu, swali ni jepesi au muda ni mrefu. Na kama mtu mzima mmoja anajibu kila kadi kabla ya machaguo, tatizo liko kwenye mpango wa alama, si kwenye muda.

Kosa moja husumbua karibu kila anayeanza, nalo ni jibu kuchungulia. Ukiweka mpito wa kufifia kati ya kadi ya swali na kadi ya jibu, programu huanza kuzichanganya kabla ya mahali ulipokata, na watoto wenye macho makali wanaona rangi ya jibu nusu sekunde mapema. Baada ya kadi mbili tatu wanajua pa kutazama. Tumia mkato wa moja kwa moja kwenye kufunua jibu. Muziki nao huvujisha: ukipanda kidogo kila jibu linapokaribia, hakuna neno, lakini ukiwa umeuweka ushuke pale msomaji anapotaja chaguo sahihi, basi umekwisha jibu.

Alama zinahesabiwaje bila kuleta ugomvi?

Alama 2 kabla ya machaguo, alama 1 baada yake, na sifuri ukikosa. Hakuna kukatwa alama. Mtoto aliyekatwa alama mara mbili haongei tena hadi mwisho, na wakubwa wanabaki wakishindana wenyewe.

Tunapendekeza alama ziwe za nyumba, si za mtu. Karatasi moja, mistari mitano mitano, na mtoto mmoja ndiye karani. Kadi 12 zina alama 24 kwa ukamilifu. Wiki nyingine mkicheza video nyingine, mnashindana na alama zenu wenyewe za wiki iliyopita. Wapo wanaopenda timu, na si vibaya, ila msigawanye wakubwa huku na wadogo kule. Babu mmoja na mjukuu mmoja kila upande hufanya kazi nzuri zaidi.

Kwa yule mtu mzima anayejua kila kitu, kuna utaratibu mdogo: anayefikisha umri wa kipaimara na kuendelea haruhusiwi kujibu katika zile sekunde 5 za kwanza kwenye kadi zenye alama ya nyota. Katika Yona kadi za nyota ni nne, zote za mambo ambayo mtoto aliyesikiliza mara moja anaweza kuyakumbuka. Mojawapo inauliza: "Mfalme wa Ninawi alipoagiza watu wavae magunia, nani wengine walivalishwa?" Jibu ni wanyama, Yona 3:8. Sijaona bado nyumba ambayo mtoto hakuwahi hiyo, maana picha ya ng'ombe aliyevaa gunia haisahauliki.

Mbona hamwonyeshi jumla ya alama kwenye skrini muda wote?

Video haijui mmepata ngapi. Zinazoonyesha "alama zako" zinahesabu kana kwamba umepata zote, na hilo humkera aliyekosa. Sisi tunasimama mara mbili tu, baada ya kadi ya 6 na baada ya ya 12, tunasema "hesabuni", basi. Mwishoni hatutoi madaraja. Kumwambia mtu kwamba alama 7 ni "dhaifu" mbele ya wanawe hakumfanyi afungue Biblia. Kadi ya mwisho inaorodhesha aya 12 zilizotumika, ili waliokosa wajue pa kwenda.

Nyumbani tuna Biblia tofauti, na majibu hayafanani. Tufuate ipi?

Hili ndilo swali linaloletwa zaidi, na lawama nyingi ni halali. Video zetu zinafuata Union Version ya mwaka 1952, kwa sababu ndiyo watu wengi waliyokariri. Jina la tafsiri linaandikwa kwenye kadi ya kwanza. Lakini kufuata tafsiri moja hakumaanishi kumnyima alama anayesoma nyingine.

Chukua kadi ya tano: "Yona alimezwa na nini?" Yona 1:17 inasema samaki mkubwa. Mtoto akisema nyangumi, je? Wengi humkosoa, wakidhani ni mambo ya vitabu vya picha. Lakini katika Union Version hiyo hiyo, Mathayo 12:40 inataja tumbo la nyangumi. Kwa hiyo yote mawili yanakubaliwa, na kadi ya jibu inaonyesha aya zote mbili. Vivyo hivyo mmea uliomfunika Yona kivuli: Union Version inauita mtango, wakati nyingine zinasema mmea tu. Anayesema mti, mpe alama, amefika karibu vya kutosha. Bandari tunaiandika Yafa, na anayesema Yopa yuko sahihi pia.

Namba za aya nazo huteleza. Katika mgawanyo wa Kiebrania, unaofuatwa na baadhi ya Biblia za Kikatoliki, aya ya samaki ni 2:1 na si 1:17. Ndiyo maana kadi zetu hazimuulizi mtu "aya gani?" Zinauliza kilichotokea, na namba inakuja na jibu kwa anayetaka kuhakiki.

Ni maswali gani mnayakwepa kabisa?

Yale ambayo jibu lake linategemea mtu anasali wapi. "Biblia ina vitabu vingapi?" linaonekana jepesi, lakini Mprotestanti atasema 66 na Mkatoliki 73, na kila mmoja ataonyesha ya kwake mkononi. Familia nyingi zina wote wawili mezani.

Baya zaidi ni "Amri ya sita ni ipi?" Wakatoliki na Walutheri wanahesabu "Usizini" kuwa ya sita, wakati Waanglikana, Wapentekoste na Waadventista wanahesabu "Usiue". Andiko ni lile lile la Kutoka 20, tofauti ni jinsi ya kugawa amri za mwanzo na za mwisho. Na kwa Kiswahili chetu, ambako kuvunja amri ya sita kunajulikana maana yake hata na wasiokwenda kanisani, ukiliuliza mbele ya watoto ujiandae na swali la nyongeza. Uliza badala yake: "Katika Amri Kumi, tunaambiwa tuwaheshimu akina nani?" Baba na mama wako kwenye amri hiyo kwa kila dhehebu.

Kundi la pili ni maswali ya mitego ya bei rahisi. "Musa aliingiza wanyama wangapi katika safina?" Mtoto anajibu wawili wawili, kisha anachekwa kwamba ni Nuhu. Amejifunza nini, zaidi ya kutoamini kadi?

Kwa hiyo hakuna mitego kabisa?

Ipo inayofaa, pale ambapo mazoea yetu yamezidi andiko. "Mathayo anasema mamajusi walikuwa wangapi?" ni nzuri sana, kwa sababu Mathayo 2 haitaji idadi, inataja zawadi tatu. Nyingine: "Nuhu aliambiwa achukue wanyama walio safi wangapi wangapi?" Mwanzo 6 inataja wawili wawili, lakini 7:2 inataja saba saba kwa walio safi. Tofauti na ule mtego wa Musa ni kwamba hapa aliyekosa anarudi kwenye ukurasa na kuona kitu ambacho hakukiona kabla. Tunaweka mmoja tu kwa video. Katika Yona ni huu: "Mfalme wa Ninawi aliitwa nani?" Chaguo la tatu ni "hatajwi jina", na ndilo.

Machaguo ya uongo mnayapata wapi?

Ndani ya hadithi ile ile. Ukiandika "Tarshishi, Paris, Nairobi" umempa kila mtu alama bila kazi. Yafa, Tarshishi na Ninawi zote zimo katika Yona, kwa hiyo aliyesikia nusu nusu atasita: moja ni mahali alipopandia, nyingine alikokimbilia, ya tatu alikotumwa. Hata kukosa kwake kuna maana, na mzazi anaweza kumuuliza, "Basi Yafa palitokea nini?"

Namba zinahitaji uangalifu. Siku tatu zinatokea mara mbili: Yona tumboni mwa samaki, na ukubwa wa Ninawi, mwendo wa siku tatu. Arobaini ni siku za onyo. Ukiuliza "siku ngapi?" bila kusema za nini, utapata majibu mawili sahihi na mabishano hadi chakula kipoe. Kila swali la namba tunalisoma tena na kujiuliza kama namba nyingine ya kitabu hicho inaweza kulijibu.

Kisha hesabu nafasi za majibu sahihi. Watungaji wengi huficha jibu katikati bila kujua, na hulifanya refu kuliko mengine kwa sababu wanataka lisiwe na kasoro. Kwa kadi 12, weka nne juu, nne katikati, nne chini, na machaguo yalingane kwa urefu. Watoto hugundua mpangilio haraka kuliko unavyofikiri.

Herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Kwa picha ya 1920 kwa 1080, swali lisipungue pikseli 70 kwa urefu wa herufi, na machaguo yasipungue 60. Mistari miwili kwa swali, kama maneno 14 hivi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo jaza kadi na "walimwambia" na "yaliyowapata" uone mstari unavyokatika mahali pabaya. Vunja mstari mwenyewe, usiiachie programu.

Acha sehemu ya chini ya picha tupu. Mtu akisimamisha video kwenye televisheni ili bibi afikiri, vitufe na mstari wa mchezo hutokea pale pale chini na kufunika chaguo la tatu. Na jibu sahihi lisionyeshwe kwa kijani peke yake. Wapo wasiotofautisha kijani na nyekundu, na televisheni nyingi za zamani zimechuja rangi. Weka alama ya vema na fremu nene.

Nina simu tu. Inawezekana?

Inawezekana. Kwa kila kadi tengeneza picha tatu zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kinachoongezeka: swali peke yake, swali na machaguo, swali na jibu. Ziweke mfululizo katika programu ya kuhariri kama CapCut, ya kwanza sekunde 12, ya pili sekunde 16, ya tatu sekunde 10. Kwa kuwa maandishi hayahami, jicho linaona kadi moja inayofunguka. Kadi ya kwanza ikikaa sawa, nakili mpangilio wake na ubadilishe picha tu, badala ya kuanza upya mara 12.

Sauti irekodi kando, chumbani penye mapazia na nguo, simu ikiwa kiganja kimoja na nusu kutoka mdomoni. Usiiache video bila msomaji. Mtoto asiyejua kusoma na babu aliyesahau miwani wote wanacheza kwa masikio.

Naruhusiwa kuweka maneno ya Biblia kwenye kadi?

Fungua ukurasa wa haki katika Biblia unayoitumia, kurasa za mwanzo kabisa. Tafsiri za Kiswahili zina wenye haki, mara nyingi vyama vya Biblia, na masharti ya kunukuu hutofautiana. Nukuu fupi zenye jina la tafsiri ni jambo moja. Kusoma kitabu kizima ndani ya video ni jambo jingine, na hilo omba ruhusa kwa maandishi.

Nikiiweka YouTube, niseme ni ya watoto?

Ukiitia alama kwamba imetengenezwa kwa ajili ya watoto, maoni hufungwa. Kwa hiyo usiwaambie watazamaji waandike alama zao chini kisha wakute hapaandikiki. Video ya familia nzima si lazima iwe ya watoto, lakini ukiijaza katuni na sauti za kitoto, huwezi kudai vinginevyo. Amua kabla ya kutunga.

Jambo jingine ni matangazo. Video ya dakika 8 na zaidi inaweza kuwekewa tangazo katikati, na likiachwa lijipange lenyewe linaweza kuangukia katika zile sekunde 10 za kufikiri. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, liweke kwenye mapumziko baada ya kadi ya sita.

Kadi ya 12 ya Yona haina jibu. Mlisahau?

Hapana. Kitabu chenyewe kinaisha na swali, 4:11, Mungu akimuuliza Yona kama haifai kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya elfu mia na ishirini, na wanyama wengi. Yona hajibu. Kadi inasoma swali, mstari wa muda haupo, na kila nyumba inajipa alama 2 tu, mradi kila mtu amesema jibu lake. Wengine wametuandikia kwamba huu ni uvivu wetu. Tunaendelea nayo.

Nimegundua kosa katika video iliyokwisha kupanda. Mtabadilisha?

YouTube hairuhusu kubadilisha faili la video na kubakiza kiungo kile kile. Tunachoweza ni kukata kipande chenye kadi mbovu kwa kihariri chao, na kueleza sahihisho katika maelezo chini ya video. Kama kosa liko kwenye jibu, tunaikata kadi siku hiyo hiyo, na video inabaki na kadi 11 na alama 22. Kama ni herufi iliyokosewa tu, tunaiacha. Ukituandikia, taja namba ya kadi na tafsiri uliyo nayo mkononi.